Sabalkheri ya Kundi ni Deni la Nani?

Siku hizi ni nadra kukuta ukoo usio na kundi lake la WhatsApp, na ni nadra zaidi kukuta kundi la ukoo ambalo halina mtu wa kuwaamkia wenzake kila siku kabla ya jua kuchomoza. Mmoja huandika "Habari za asubuhi familia", mwingine "Sabalkheri nyote", na wa tatu hutuma picha ya waridi na kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Hayo yote hayana ubaya. Ubaya huanza saa tatu baadaye, pale aliyeamkia anapofungua simu yake na kukuta kwamba katika ndugu 30 au 40 ni watatu tu walioitikia, na waliobaki wamenyamaza kana kwamba hakuna mtu aliyepita mlangoni pao.

Nimeyasikia malalamiko haya kutoka pande zote mbili. Wazee wanasema vijana wa leo hawana adabu, kwani hata salamu inawashinda kujibu. Vijana nao wanasema wazee wanawaamsha bure, simu inalia mara 20 kabla ya kupiga mswaki, na kila inapolia ni "amina" au ua jingine. Mimi naona wote wanagombana bila ya kuuliza swali lililo la kwanza, yaani salamu inayotolewa mbele ya watu wengi kwa pamoja ni deni la nani kulilipa?

Hebu tutazame desturi zetu wenyewe, maana jambo hili si geni kama tunavyodhani. Katika Kiswahili neno lenyewe la kumsalimu mtu kwa heshima, kuamkia, limetoka katika kuamka. Mtu huamka, kisha huenda kumwamkia mkubwa wake. Kwa hiyo salamu ya asubuhi ndiyo mama wa salamu zote, na anayeona ni upuuzi wa simu hajui kwamba simu imeikuta kazi hiyo ikifanywa zamani. Mtoto wa pwani alikuwa haruhusiwi kugusa chai kabla ya kuwapitia wakubwa wa nyumba, mmoja mmoja, akisema "Shikamoo" na kungoja "Marahaba". Hapo deni lilikuwa wazi. Salamu ilikuwa na jina la mtu, na mtu huyo aliitika.

Lakini kuna salamu ya pili, nayo ni ya barazani. Tuseme wazee wanane wamekaa barazani Mji wa Kale, wanazungumza, na mtu anapita njiani anasema "Asalaam aleikum". Ni wangapi huitikia? Wawili huitikia kwa sauti, mmoja huinua mkono, mwingine hutikisa kichwa tu huku akiendelea kuhesabu kete za bao. Mpita njia huendelea na safari yake moyo wake ukiwa safi. Hajapata kurudi nyuma akasema, "Nyinyi mlikuwa wanane, nimesikia sauti mbili, hao sita wana nini na mimi?" Wanazuoni wa Kiislamu waliliweka jambo hili katika sheria. Kuanza salamu ni suna, kujibu ni wajibu, lakini salamu ikitolewa kwa jamaa ya watu, akijibu mmoja wao wajibu huwa umewaondokea wote. Wao huita fardhi kifaya. Wakinyamaza wote, wote wamekosa. Na mtu akitajwa kwa jina lake, wajibu unamwangukia yeye peke yake, hata kama wenzake wote wameitikia.

Nawaambia wasomaji kwamba katika hayo machache umo utaratibu wote tunaouhitaji katika kundi la simu, kwa Mwislamu na kwa asiyekuwa Mwislamu, maana baraza ni baraza. Kundi la ukoo ni baraza ambayo watu wake hawaonani. Hapo tu ndipo tofauti ilipo, na hapo ndipo panapotuponza, kwa sababu barazani tunaona mkono ulioinuliwa na kichwa kilichotikiswa, na katika simu hatuoni kitu.

Nitatoa mfano wa ukoo wetu sisi, kwa kuwa niliufuatia mwanzo mpaka mwisho.

Kundi letu lina watu 38. Wako Kisauni, Malindi, Nairobi, wako Maskati, na kijana mmoja yuko Toronto anakosoma. Mwenye kutuamkia ni ami yetu mmoja, mzee aliyepita miaka 70, aliyefanya kazi Kilindini tangu ujana mpaka alipostaafu. Kila siku akishaswali Alfajiri, kama saa 11.30 hivi, huandika kwa kidole kimoja: "Sabalkheri wanangu. Mumeamkaje?" Hatumi picha. Macho yake hayaoni vizuri, na maneno hayo matatu humchukua dakika mbili tatu.

Kwa muda mrefu mzee huyu aliishi kwa raha na kundi lake. Aliona zile alama za vema, au tiki kama watu wanavyoziita, zikiwa mbili za kijivu chini ya ujumbe wake, naye aliamini kwamba watu bado wamelala au wako njiani kazini. Hakujua kwamba katika kundi tiki hazigeuki kuwa buluu mpaka kila mtu, hata wa mwisho, awe amefungua. Katika watu 38 siku kama hiyo haiji ila kwa bahati. Kijivu kile kilikuwa kinamsitiri.

Sasa siku moja mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili, kwa nia njema kabisa alimwonyesha siri. Alimwambia, "Babu, bonyeza ujumbe wako usiachie, halafu gusa Info." Mzee akabonyeza. Pakatokea orodha mbili: "Read by", yaani waliosoma, na chini yake "Delivered to", yaani waliofikiwa lakini hawajafungua. Akahesabu. Katika watu 37 wasiokuwa yeye, 29 walikuwa wamesoma, wanane hawajafungua, na walioitikia walikuwa watano. Mzee akachukua daftari la mjukuu akaanza kuandika majina. Akafanya hivyo kwa juma zima.

Mambo yaliyofuata ndiyo yaliyonitia hofu. Wakati huo kulikuwa na posa katika ukoo. Kijana wetu mmoja wa Malindi alitaka kuoa, na mwenye kuongoza ujumbe wa posa, kwa umri na kwa desturi, alikuwa ni ami huyo huyo. Jina la kijana lilikuwa katika daftari: siku saba amesoma, siku saba amenyamaza. Siku mbili kabla ya safari, ami alimpigia simu shangazi yetu akamwambia hatakwenda. "Mtu ambaye sabalkheri yangu haimfai," alisema, "hata posa yangu haitamfaa. Na atafute wa kumpelekea."

Shangazi alinipigia mimi, na kwa siku tatu tukawa katika kazi ya kuulizana. Tuliwapigia karibu wote waliokuwa katika lile daftari. Nasema kweli, sikumpata hata mmoja aliyenyamaza kwa dharau.

Binti yetu mmoja ni muuguzi Nairobi, na juma lile alikuwa zamu ya usiku. Hutoka kazini saa 1.30 asubuhi, hupanda matatu, hufika nyumbani akalala, na anapofungua simu ni alasiri. Akaona salamu ya alfajiri, tena imekwisha kujibiwa na watano. Alisema, "Ningeanza kuitikia sabalkheri saa tisa mchana, shangazi, si wangenicheka?" Kijana wa Toronto naye alikuwa na hesabu yake. Saa 11.30 alfajiri ya Mombasa, majira yale ya Agosti, kwake ilikuwa saa 4.30 usiku wa jana. Yeye alikuwa anakwenda kulala, na mzee anamwuliza ameamkaje.

Wawili katika orodha hawakuwa wamesoma kabisa, ingawa simu zao zilisema wamesoma. Mmoja humpa simu mtoto wake wa darasa la pili achezee wakati anamtengenezea uji, na mtoto hupitia kila kinachong'aa. Mwingine alikuwa amelifungua kundi kutafuta namba ya fundi wa mifereji iliyoandikwa mwezi uliopita. Kwa hiyo wale wanaohesabu tiki wafahamu kwamba simu hutoa habari ya kidole kilichogusa, na haijui ni kidole cha nani, wala macho yake yalikuwa yanatazama nini.

Kijana mwingine alishangaa kusikia kwamba ameonekana. Yeye alikuwa amezima tiki za buluu katika simu yake, akadhani amejisitiri. Amejisitiri kweli katika mazungumzo ya mtu na mtu, lakini katika kundi kuzima huko hakufanyi kazi, na orodha ya waliosoma humtaja kama wengine. Jambo hili watu wengi hawalijui, na limewagombanisha watu wengi.

Yule mwenye posa yeye alisema jambo rahisi. Aliona watu wakubwa kuliko yeye wamekwisha kumjibu ami, na yeye ni mdogo, akaona si adabu kupaza sauti baada yao. Alifikiri amekaa kimya barazani kama mtoto anavyotakiwa kukaa.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni mke wa ndugu yangu mmoja, binti wa Kakamega aliyeolewa katika ukoo wetu miaka sita iliyopita. Kimya chake kilikuwa kamili, hakuwa ameandika hata neno moja katika kundi tangu alipoingizwa. Shangazi alikuwa amekwisha kusema maneno juu yake. Nilipomwuliza, alijibu kwa upole kwamba kwao alilelewa kuwa mke wa nyumba hana maneno mengi na baba mkwe wala na ndugu za baba mkwe. Humpisha njia, humpikia, humwandalia, lakini hajibizani naye. "Sasa mzee anasalimia alfajiri, mimi bado niko kitandani na khanga," alisema. "Nimjibu nikiwa hivyo?" Msomaji na afikiri. Kile ambacho sisi tulikiita kiburi, kwake kilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Kundi la simu limemkalisha mkwe na mkwe katika chumba kimoja saa ambayo katika mila za makabila mengi ya nchi hii hawakutakiwa hata kuonana, na hakuna aliyewauliza kama wanaweza.

Kwa ajili hiyo nawaomba pia ndugu zangu wenye kupenda vile vijipicha vya mioyo myekundu na nyuso zinazobusu. Dada na dada wanaweza kurushiana, hilo halina neno. Mwanamume akimrushia mama mkwe wake moyo mwekundu alfajiri, hata kama nia yake ni "asante mama", kuna nyumba ambazo hapo pataitishwa kikao.

Basi tulikwenda kwa ami, mimi na shangazi, tukamweleza mmoja baada ya mwingine. Alisikiliza kimya. Alipofika yule mtoto wa darasa la pili alicheka. Alipofika binti wa Kakamega aliinamisha kichwa, akasema, "Huyo na aachwe. Huyo ndiye aliyelelewa." Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama tungependa aache kuamkia.

Hapo ilibidi tupige hesabu. Kama kila mmoja wetu angeitikia kwa maandishi, ujumbe 38 ungepita kila asubuhi, na kila mmoja ungeingia katika simu 37. Hiyo ni milio 1,406 kwa sabalkheri moja. Hakuna ukoo unaoweza kuishi hivyo, na ndiyo sababu wale wanane wasiofungua walikuwa wamelinyamazisha kundi kabisa. Simu huruhusu kunyamazisha kwa saa 8, kwa juma, au kwa daima, na aghalabu mtu aliyechoka huchagua daima. Mzee anayetaka kila mtu aitikie kwa maneno huwafukuza wale wale anaowataka.

Tulikubaliana iitikie nyumba, asiitikie kila mtu. Sisi tuna nyumba 11, na kutoka kila nyumba mmoja huandika mstari mmoja akiwasemea walio chini ya paa lake. Atakayewahi ndiye atakayeandika. Mwingine akipenda, huubonyeza ujumbe wa ami na kuweka kidole gumba au mikono iliyoshikana. Alama hizo WhatsApp ilizileta mwaka 2022, na ninaziona ni neema kwa jambo moja: humjulisha mwenye ujumbe peke yake na haziwaamshi wengine 36. Ndicho kile kichwa kilichotikiswa barazani. Kuna wazee wanaoziona kuwa ni uvivu. Ami wetu alizikubali alipoelezwa kwamba anaweza kuzigusa akaona ni ya nani na nani.

Jambo ambalo hatukulikusudia ni kwamba salamu zilianza kuwa na habari. Zamani wale watano walikuwa wakiandika "Sabalkheri ami" basi. Sasa mwenye kuisemea nyumba hawezi kuishia hapo. Huandika "Sabalkheri ami, Malindi hatujambo, ila mdogo ana homa tangu juzi." Na hivyo ndivyo salamu zetu zilivyokuwa siku zote. Kwanza mtu husema hajambo hata akiwa kitandani, kisha ndipo husema kilichompata. Katika siku kumi za kwanza tulipata habari za ndugu zetu zaidi ya tulizozipata mwaka mzima wa maua na vikombe vya chai. Binti wa Kakamega naye akapata njia yake. Huandika "Sabalkheri. Nyumba ya Nairobi wazima." Hamtaji mzee, wala mzee hamtaji yeye, na wote wawili wameridhika.

Posa ilikwenda, ikiwa imechelewa majuma mawili. Ami aliongoza.

Sitaki msomaji afikiri kwamba utaratibu huu hauna kasoro. Nyumba inamsemea aliyemo ndani, lakini kuna wasio na nyumba ya kusemewa: mwanafunzi aliye peke yake, mjane aliyekataa kuhama, mzee anayeishi na redio yake. Hao sisi tumesema kila mmoja ni nyumba, na kimya chao kina uzito kuliko kimya cha watu kumi wa Kisauni. Mtu wa namna hiyo asipoitikia mpaka adhuhuri, msimamizi wa kundi humwandikia peke yake, nje ya kundi. Ikitoka tiki moja tu na ikabaki moja, ujumbe haujamfikia. Pengine simu imezima, pengine hana bando, pengine kuna jambo. Tiki haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo usikae kuitazama, piga simu ya kawaida, na isipopokewa mpigie jirani. Na jirani huyo ni lazima namba yake iwe imechukuliwa mapema, si siku hiyo.

Kutaja jina nako kuna adabu yake. Ukiweka ile alama ya @ na jina la mtu, kwa kawaida simu yake hulia hata kama amelinyamazisha kundi. Ni sawa na kusimama mbele ya baraza ukaita, "We fulani, hujambo?" Huyo hana budi kuitika yeye mwenyewe. Basi isitumiwe ovyo. Nimeona kundi la jamaa zetu wengine ambamo kaka mkubwa huwataja kwa @ wote ambao hawakuitikia jana, kama mwalimu anayeita majina darasani. Watu wanaitika, naam, lakini ni kuitika kwa mtu aliyekamatwa.

Juu ya picha sina maneno mengi. Mwaka 2018 magazeti ya nje yaliandika kwamba watafiti wa Google, walipochunguza kwa nini simu za watu wengi India zinakwama, walikuta zimejaa picha za "Good Morning" zenye maua na machweo. Ninaamini simu nyingi za hapa kwetu zinaugua ugonjwa huo huo, na mwenye nao anaweza kuzuia picha zisijipakue zenyewe katika sehemu iitwayo "Media auto-download". Lakini gharama ya bando si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba picha iliyopitishwa kutoka kundi jingine, tena yenye maandishi ya Kiingereza na jina la duka chini yake, haimwamkii mtu. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kadi za salamu tulizokuwa tukipeleka Sauti ya Kenya. Kadi ilikuwa moja, lakini majina tuliyaandika sisi kwa mkono, babu kwanza, na ole wako umwache mtu. Aliyesikia jina lake redioni alijua kwamba umekaa chini ukamfikiria. Ami wetu na maneno yake matatu yuko karibu na kadi ile kuliko mwenye waridi la kukopa, na sioni kosa mtu akilipa waridi hilo kimya chake.

Kuna saa moja ambayo hata salamu nzuri huwa kosa, nayo ni pale usiku umeleta msiba. Tanzia huandikwa saa 9 za usiku. Saa 12 mtu anaamka, hasomi kilichotangulia, anaweka ua lake na "Muwe na siku njema yenye furaha", chini kabisa ya jina la marehemu. Limetokea katika kundi letu mara mbili. Anayeamkia kundi ni lazima kwanza apande juu asome yaliyoandikwa tangu alipolala, kama mtu anayekaribia nyumba anavyotazama kwanza kama kuna viti nje. Na kosa hilo likitokea, asigombezwe mbele ya watu. Aambiwe kando, afute, aandike pole. Kwetu sabalkheri husimama mpaka siku ya tatu baada ya hitima, na mwenye kuirudisha ni ami peke yake. Siku hiyo nyumba zote 11 huitikia kabla ya saa moja, bila kukumbushwa.

Binamu yetu mmoja alijaribu kuongeza masalkheri, akiandika kila siku saa mbili za usiku. Iliendelea siku nne. Watu walikuwa wanatazama mpira.